Kiyoyozi cha BTU 12,000 ni kilowati ngapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukiingia duka la viyoyozi Kariakoo au Mombasa, muuzaji atakuuliza: "Unataka ya tisa, ya kumi na mbili au ya kumi na nane?" Anazungumzia maelfu ya BTU kwa saa. Ukitoka hapo ukaenda kwa mhandisi, kwa muuza jenereta au kwa mtu wa sola, wote hao wanahesabu kwa kilowati. Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo wateja na mafundi wanaoanza kazi huyauliza pindi lugha hizo mbili zinapokutana. Kuna moja linaloleta hasara kuliko mengine yote, nalo nimelipa nafasi kubwa.

Nizidishe kwa ngapi?

Chukua idadi ya maelfu ya BTU kwa saa, zidisha kwa 0.293, utapata kilowati. Kiyoyozi cha 9,000 ni kW 2.64. Cha 12,000 ni kW 3.52. Cha 18,000 ni kW 5.28, na cha 24,000 ni kW 7.03. Ukitaka kurudi nyuma, yaani una kilowati na unatafuta BTU, zidisha kilowati kwa 3,412.

Namba hiyo ya 0.293 imetoka wapi?

BTU moja ni joto linalohitajika kupandisha ratili moja ya maji, takriban gramu 454, kwa nyuzi moja ya Farenhaiti. Kwa vipimo vya kimataifa joto hilo ni karibu jouli 1,055. BTU elfu moja basi ni jouli 1,055,000. Zikiondolewa chumbani kwa muda wa saa moja, ambayo ina sekunde 3,600, kila sekunde zinatoka jouli 293. Jouli moja kwa sekunde ndiyo wati moja, kwa hiyo BTU elfu moja kwa saa ni wati 293, au kilowati 0.293. Vitabu hutofautiana kidogo juu ya thamani kamili ya BTU moja, lakini tofauti hiyo haifiki hata asilimia moja, na hakuna kiyoyozi kinachopimwa kwa usahihi wa kiasi hicho.

Sina kikokotoo. Kuna njia ya kichwani?

Gawa maelfu kwa 3.4. Kumi na nane ukigawa kwa 3.4 unapata 5.3 hivi, na jibu kamili ni 5.28. Wanaopata tabu na 3.4 wanaweza kuzidisha kwa 3 na kugawa kwa 10: kumi na nane inakuwa 5.4. Hiyo imezidi kwa asilimia mbili na kidogo, na kwa mazungumzo ya dukani inatosha.

Boksi limeandikwa 12,000 lakini kibandiko kinasema kW 3.4. Nimeibiwa?

Si lazima. Namba kama 9, 12, 18 na 24 ni majina ya madaraja kuliko vipimo. Kiwanda hutengeneza mashine, huipima maabara, kisha huiuza katika daraja lililo karibu nayo. Ukirudisha kW 3.4 kwenye BTU unapata 11,600, na mashine hiyo itauzwa kama "ya kumi na mbili" bila mtu kushangaa. Ndivyo ilivyo kwa kW 2.5, ambayo ni BTU 8,530, lakini dukani ni "ya tisa". Ya kW 5.0 ni BTU 17,060, nayo inaitwa "ya kumi na nane".

Mimi naanza kutilia shaka pengo linapopita asilimia kumi hivi. Kiyoyozi kinachouzwa kama cha 24,000 huku kibandiko kikisema kW 6.1 kinatoa BTU 20,800 tu, na bei yake inapaswa kulinganishwa na mashine za uwezo huo. Ndiyo maana ushauri wangu ni kusoma kibandiko cha mashine yenyewe, kilichobandikwa ubavuni mwa uniti ya ndani au ya nje, badala ya maandishi makubwa ya kwenye boksi. Tafuta mstari ulioandikwa "Cooling Capacity".

Angalia pia namba ya modeli. Viwanda vingi huficha uwezo ndani yake. Modeli yenye 12 au 18 katikati mara nyingi inahesabiwa kwa maelfu ya BTU, ilhali yenye 25, 35, 50 au 71 inahesabiwa kwa kilowati iliyozidishwa kwa kumi: 35 ni kW 3.5, na 71 ni kW 7.1. Nimewahi kusikia mtu akibishana kwamba ya 35 ni BTU 35,000. Ingekuwa hivyo ingebidi iwe kubwa kama kabati.

Kuna tofauti kati ya BTU na BTU kwa saa?

Ipo, ingawa dukani hakuna anayeisema. BTU ni kiasi cha joto. BTU kwa saa ni mwendo wa kuliondoa joto hilo. Kilowati tayari ni mwendo, "kwa sekunde" imo ndani yake, kwa hiyo kinachobadilishwa kuwa kilowati ni BTU kwa saa peke yake. Wauzaji hukata maneno na kuandika "12000 BTU", na sote tunaelewa walichokusudia.

Kosa linalofanana na hilo upande wa pili ni kusema "kilowati kwa saa". Uniti ya umeme unayonunua kwa LUKU au kwa tokeni ni kilowati-saa, yaani kilowati zilizozidishwa kwa saa. Mashine inayovuta kilowati moja kwa saa tatu imetumia uniti tatu.

Kwa hiyo kiyoyozi cha 12,000 kinakula kilowati 3.5 za umeme?

Hapana. Hili ndilo swali linalogharimu watu fedha, tulichukue polepole.

Kilowati unazopata kwa kubadilisha BTU ni joto linaloondolewa chumbani. Si umeme unaoingia kwenye mashine. Pasi au hita ya maji hugeuza umeme kuwa joto, na hapo wati za umeme na wati za joto ni zilezile. Kiyoyozi hakitengenezi baridi kwa kuunguza umeme. Kinatumia umeme kuendesha kompresa na feni, na kompresa inasukuma gesi inayofyonza joto ndani ya nyumba na kwenda kulitema nje. Joto linalohamishwa linaweza kuwa mara tatu au nne ya umeme uliotumika kulihamisha.

Tuchukue spliti ya kawaida ya 12,000 isiyo ya inveta, yaani ambayo kompresa yake huwaka na kuzima badala ya kubadili kasi. Kwenye kibandiko, mstari wa "Cooling Capacity" unasema wati 3,520, na mstari wa "Power Input" unasema wati 1,080. Ya kwanza ni joto linalotoka chumbani, ya pili ni umeme unaolipia. Gawa ya kwanza kwa ya pili, unapata 3.26: kila wati moja ya umeme inaondoa chumbani wati 3.26 za joto.

Umeme ule nao haupotei. Unageuka joto na kutoka pamoja na lile la chumbani, kwa hiyo uniti ya nje inatema karibu kW 4.6, yaani 3.52 na 1.08 kwa pamoja. Ndiyo sababu ukisimama nyuma ya uniti ya nje unahisi hari kali, na ndiyo sababu kuifungia kwenye baraza dogo lisilopitisha hewa ni kuinyonga.

Sasa bili. Mtu aliyechukua kW 3.5 kama umeme atahesabu hivi: saa nane za usiku, uniti 28. Kwa mfano wa bei ya shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni shilingi 9,800 kila usiku, na hapo anaacha kununua. Hesabu yenyewe ni kW 1.08 mara saa nane, uniti 8.6. Na hata hizo ni za juu, kwa sababu chumba kikishafika kwenye baridi iliyowekwa kompresa huzima na kuwaka. Ikifanya kazi asilimia 70 ya muda, ni uniti 6 hivi, karibu shilingi 2,100. Bado ni fedha, lakini si 9,800.

Basi kwa jenereta, sola na breka nitumie kilowati ipi?

Ya umeme, ile ya "Power Input". Mashine yetu ya wati 1,080 kwenye volti 230 inavuta ampea 5 hivi ikiwa imetulia. Breka na waya huchaguliwa kwa mkondo huo pamoja na nafasi ya usalama, si kwa wati 3,520.

Lakini usikimbilie kununua jenereta ya kW 1.2. Kompresa isiyo ya inveta inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa muda mfupi sana, na jenereta ndogo hushindwa pale pale: taa zinafifia, kompresa inanguruma bila kuzunguka, kisha kinga inakata. Kwenye kibandiko cha kompresa mkondo huo wa kuanzia huandikwa kwa herufi LRA. Kiyoyozi cha inveta huanza polepole na hakina kishindo hicho, na kwa mtu wa sola tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya BTU.

Kibandiko kimoja kinasema EER 11, kingine kinasema 3.2. Kipi ni bora?

Huenda ni sawasawa kabisa. EER ni uwezo wa kupoza ukigawanywa kwa umeme. Wamarekani hugawa BTU kwa saa kwa wati: 12,000 gawa kwa 1,080 ni 11.1. Kwingine hugawa wati kwa wati: 3,520 gawa kwa 1,080 ni 3.26. Mashine ni ileile. Kugeuza moja kuwa nyingine, gawa au zidisha kwa 3.412, yaani ile 3,412 yetu ya mwanzo ikihesabiwa kwa wati badala ya kilowati. Ukiona chini ya 6 jua ni wati kwa wati, ukiona 8 na kuendelea jua kuna BTU ndani yake. Wakati mwingine ile ya wati kwa wati huandikwa COP.

Inveta huwa na kipimo cha msimu mzima, SEER, na hicho hakilinganishwi na EER ya kawaida hata ukikigeuza vizuri, kwa kuwa namna ya kupima ni tofauti.

Ndugu yangu Maskati anasema ana AC ya "tani moja na nusu". Hiyo ni kilowati ngapi?

Ni kW 5.28, yaani "ya kumi na nane" yetu. Tani moja ya kupoza ni BTU 12,000 kwa saa, au kW 3.517. Huko Oman na Ghuba kwa jumla watu hununua kwa tani, na mizigo inayotoka Dubai kuja Zanzibar na Dar es Salaam huja na majina hayo.

Kipimo kilitoka zama za barafu. Tani fupi ya Kimarekani ina ratili 2,000. Kuyeyusha ratili moja ya barafu kunafyonza BTU 144, kwa hiyo tani nzima inafyonza BTU 288,000. Ikiyeyuka yote ndani ya saa 24, kila saa inafyonza BTU 12,000. Haina uhusiano wowote na uzito wa kiyoyozi.

Na "1.5 HP"?

Hapa hesabu ya shuleni inakupoteza. Nguvu-farasi moja ni wati 746, kwa hiyo 1.5 ni wati 1,119. Ukichukua hizo kama uwezo wa kupoza unapata BTU 3,800, kitu ambacho hakitoshi hata chumba cha mlinzi. Kwenye viyoyozi, "1.5 HP" ni jina la daraja lililotokana na ukubwa wa kompresa. Kwa kawaida 1 HP ni daraja la 9,000, 1.5 HP ni la 12,000 na 2 HP ni la 18,000. Ona kwamba wati 1,119 zinakaribiana na umeme wa mashine yetu ya 12,000, na hilo si ajabu, maana jina lilitoka huko. Ukiona HP usibadilishe chochote. Tafuta kibandiko.

Kwenye ramani ya jengo wameandika MBH 60. Ni mega?

Si mega. Herufi M hapo ni elfu ya Kirumi, kwa hiyo MBH 60 ni BTU 60,000 kwa saa, au kW 17.6. Anayeisoma kama milioni anaagiza mtambo mkubwa mara elfu moja, na kwa bahati nzuri bei humshtua kabla hajalipa. Alama kBTU/h ina maana ileile ya maelfu. Mashine za zamani zenye kcal/h gawa kwa 860 upate kilowati: kcal 3,024 ni kW 3.52.

Kibandiko cha mashine iliyotoka Ghuba kina uwezo aina mbili, T1 na T3. Nibadilishe upi?

Badilisha zote mbili, kisha chagua kulingana na mahali utakapoifunga. Uwezo wa kiyoyozi si namba isiyobadilika. Joto la nje likipanda, gesi inapata shida zaidi kulitema joto, na uwezo unashuka huku umeme ukipanda. Kiwango cha kimataifa ISO 5151 kinataka mashine ipimwe katika hali maalumu. T1 ni nje nyuzijoto 35 na ndani 27. T3, iliyokusudiwa nchi za joto kali, ni nje nyuzijoto 46 na ndani 29.

Tuseme mashine moja ina BTU 18,000 chini ya T1 na 15,800 chini ya T3. Kwa kilowati ni 5.28 na 4.63. Jangwani mwezi wa saba mwenye nyumba anaishi na hiyo ya pili. Pwani yetu hewa ya nje haifiki nyuzi 46, kwa hiyo T1 ndiyo inayotuhusu. Isipokuwa pale uniti ya nje inapofungwa juu ya paa la bati lililochomwa na jua, au zikipangwa kadhaa kwenye uchochoro zikipulizana hewa moto. Hapo hewa inayoingia kwenye koili ni ya moto kuliko hewa ya mtaani, na namba ya T1 inabaki kuwa ya kwenye karatasi.

Jambo la kuepuka ni kulinganisha T1 ya mashine moja na T3 ya nyingine na kusema ya pili ni dhaifu.

Nitajuaje kiyoyozi changu kinatoa kilowati zilizoandikwa?

Inawezekana kupima kwa vifaa vichache: vipimajoto viwili, kipima upepo cha mkononi, ndoo na saa. Mafundi wengi hawafanyi, wanaweka mkono tu mbele ya feni na kusema "baridi ipo". Mkono haujui kilowati.

Kiyoyozi hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kinashusha joto la hewa, na kinakamua unyevu kutoka kwenye hewa hiyo. Zote mbili zimehesabiwa ndani ya BTU za kibandiko. Pwani, ambako hewa ina mvuke mwingi, kazi ya pili huchukua sehemu kubwa, pengine theluthi nzima. Kwa hiyo unapima kila moja peke yake, kisha unajumlisha.

Weka feni kasi ya juu na rimoti kwenye nyuzi za chini kabisa ili kompresa isipumzike. Subiri nusu saa, kwa sababu koili na beseni lake vinahitaji kulowa kwanza ndipo maji yatoke kwa mwendo wa kweli.

Anza na hewa. Pima mdomo wa kutolea hewa: tuseme urefu sentimita 60 na upana sentimita 6, eneo ni mita za mraba 0.036. Pitisha kipima upepo taratibu kutoka upande hadi upande uchukue wastani, tuseme mita 4.2 kwa sekunde. Zidisha, unapata mita za ujazo 0.15 kwa sekunde. Kipimajoto cha hewa inayoingia juu kinasoma 27, cha inayotoka kinasoma 15. Tofauti ni nyuzi 12. Mita moja ya ujazo ya hewa inahitaji karibu kilojouli 1.2 kubadilika kwa nyuzi moja, kwa hiyo:

```
1.2 × 0.15 × 12 = 2.16 kW
```

Kisha maji. Weka ndoo chini ya bomba la dreni kwa saa moja. Tuseme umepata lita 1.6. Mvuke unapogeuka maji unaachia karibu kilojouli 2,450 kwa kila lita, na kilowati moja ikifanya kazi saa nzima ni kilojouli 3,600. Kwa hiyo kila kilowati inakamua lita 1.47 kwa saa:

```
1.6 ÷ 1.47 = 1.09 kW
```

Jumla ni kW 3.25. Zidisha kwa 3,412, ni BTU 11,090 kwa saa. Kama kibandiko kinasema kW 3.4, mashine hiyo ni nzima. Vipimo vya mkononi vinaweza kukosea kwa asilimia kumi au kumi na tano, hasa ule wa upepo, kwa hiyo usigombane na mtu kwa tofauti ndogo.

Tofauti kubwa ndiyo inayosema kitu. Mashine hiyohiyo ikionyesha upepo uleule, tofauti ya nyuzi 6 tu, na maji nusu lita kwa saa, unapata kW 1.08 na 0.34, jumla 1.42. Hiyo ni BTU 4,850. Mwenye nyumba anakwambia "ya kumi na mbili haitoshi, niuzie ya kumi na nane", kumbe ya kumi na mbili inafanya kazi kama ya tano. Upepo ukiwa mzuri na joto halishuki, tazama gesi na tazama koili ya nje, ambayo karibu na bahari huliwa na chumvi na kuziba kwa vumbi. Upepo ukiwa mdogo na hewa inatoka baridi sana, fungua filta kwanza. Huhitaji hata kulipa.

Kama huna kipima upepo, ndoo peke yake bado inasaidia. Msimu wa masika, chumba kikiwa na watu, spliti ya 12,000 isiyotoa tone hata moja baada ya saa nzima ama dreni imeziba na maji yatashuka ukutani, ama koili haipoi. Milimani mambo ni mengine: Nairobi au Arusha hewa ni kavu zaidi, na ndoo inaweza kubaki na maji kidogo bila mashine kuwa na kasoro.

Mhandisi amenipa mzigo wa joto wa kW 4.6. Ninunue ipi?

Mzigo huo ni joto linalopaswa kuondolewa chumbani. Zidisha 4.6 kwa 3,412: BTU 15,700 kwa saa. Hakuna daraja hilo dukani. La 12,000 ni kW 3.52, limepungua kwa zaidi ya kilowati moja, na katika adhuhuri ya Februari litazunguka bila kupumzika huku chumba kikibaki na joto. La 18,000 ni kW 5.28, limezidi kidogo, na ndilo la kuchukua.

Wengine hushauri kuruka hadi 24,000 "kwa usalama". Pwani ushauri huo haufai. Mashine isiyo ya inveta ya kW 7 kwenye chumba cha kW 4.6 inafikisha nyuzi zilizowekwa haraka na kuzima kabla haijakamua unyevu wa kutosha. Kipimajoto kinasema 24 lakini shuka zina unyevunyevu, na watu wanaanza kushusha rimoti hadi 18 wakidhani tatizo ni joto.

Chumba kirefu, kwa mfano duka la dawa lenye ghala nyuma, kinaweza kupewa mbili za 9,000 badala ya moja ya 18,000. Kwa kilowati ni zilezile, 2.64 mara mbili. Unapata hewa pande zote, na moja ikiharibika dawa hazibaki kwenye joto. Unalipa zaidi kwa ununuzi na ufungaji.

Muulize mhandisi swali moja kabla hujaondoka: hizo kW 4.6 ni pamoja na unyevu? Kama amehesabu joto la hewa tu, mzigo wa kweli ni mkubwa zaidi, na hapo ya 18,000 huenda isitoshe.

Inveta yangu imeandikwa "3.5 (1.0–4.1) kW". Nibadilishe ipi?

Ya nje ya mabano ndiyo ya kulinganisha na mashine nyingine: 3.5, karibu BTU 11,940. Mabano yanaonyesha inakoweza kushuka na inakoweza kupanda. Muuzaji anayesema "hii ni ya kumi na nne" amechukua 4.1 na kuigeuza kuwa BTU 13,990. Hajadanganya hesabu, ila amekuuzia kasi ambayo mashine hukimbia kwa kujikaza. Namba ya chini ina faida yake: inveta inayoweza kushuka hadi kW 1.0 itapoza chumba kidogo usiku bila kuzima na kuwaka.

Nina orodha ndefu ya mashine kwenye Excel. Kuna njia ya mkato?

Kama safu ya A ina maelfu ya BTU kwa saa, yaani 9, 12, 18, andika hivi kwenye B2 kisha uburute chini:

```
=ROUND(A2*0.29307,2)
```

Kama orodha imechanganya 12 na 12000, jambo la kawaida kwenye orodha za bei zilizoandikwa na watu tofauti, hii inazitambua zote:

```
=ROUND(IF(A2>=1000,A2/1000,A2)*0.29307,2)
```

Ongeza safu ya umeme kutoka "Power Input", nayo iwe kwa kilowati, kando ya hiyo, ugawe kilowati za kupoza kwa za umeme. Mstari utakaotoa 1 au karibu yake, mtu amejaza kilowati za kupoza kwenye safu ya umeme. Mstari utakaotoa zaidi ya 6, kagua kama kuna BTU iliyobaki bila kubadilishwa.